Hesabu kwanza matunda mia, ndipo uandike lengo

Kazi yangu ni kusaidia vyama vya ushirika kuandika mipango mkakati, na vingi ni vyama vya wakulima wa kahawa vya huku juu ya Moshi. Dira na dhima hazinipi shida sana. Dira inasema tunataka kufika wapi, na dhima inasema kila siku tunafanya nini na kwa ajili ya nani. Chama nitakachokieleza hapa dhima yake ni kukusanya, kuchakata na kuuza kahawa ya wanachama kwa uwazi. Dira yake ni kuwa chama ambacho mnunuzi wa kahawa nzuri anakitafuta kwa jina. Hizo mbili haziwekewi namba, na ni sawa kabisa.

Shida huanza kwenye malengo. Rasimu waliyonipa ilikuwa na malengo matatu: kuboresha ubora wa kahawa, kuongeza bei ya mkulima, na kuendesha mafunzo manne kwa mwaka.

Nilianza na la mwisho, maana ndilo lililowaridhisha zaidi. "Hili si lina namba tayari?" katibu akaniuliza. Namba ipo, ila mafunzo ni shughuli. Mnaweza kuyafanya yote manne, mahudhurio yakasainiwa, chai ikanywewa, na kahawa ikabaki vilevile. Lengo linataja kitakachobadilika baada ya mafunzo.

La bei nalo tuliliondoa. Bei ya arabika hufuata soko la dunia la New York, kwa hiyo inaweza kupanda chama kikiwa kimelala au kushuka wakati kinajituma. Ukipimwa kwa kitu usichokishika, mwisho wa mwaka hutajua kama ulifanya kazi nzuri au mbaya.

Likabaki la ubora. Nikamuuliza mwenyekiti, "Mzee, kahawa mbaya mnaijuaje ikifika hapa mapokezi?" Hakusita: "Mwanangu, ni zile za kijani. Watu wanachuma kwa haraka, wanakamua tawi zima." Jibu lake lilikuwa na kipimo ndani yake. Tunda bichi halimenyeki vizuri kwenye mashine, na punje yake huacha ukakasi kikombeni. Tukikubaliana kuhesabu mabichi na mabivu, neno "ubora" linapata mwili.

Siku ya mapokezi tulichukua ndoo za wakulima 20. Kila ndoo tulichota matunda 100 bila kuchagua, tukayamwaga kwenye turubai, karani akatenga mekundu upande mmoja. Kati ya matunda 2,000, mekundu yalikuwa 1,360, yaani 68 kwa kila 100. Hiyo ndiyo hali ya kuanzia, na bila hiyo kusema "tutaongeza kwa asilimia 20" hakuna maana, kwa sababu hakuna anayejua ni asilimia 20 ya nini.

Kisha tukajadili tufike wapi. Mjumbe mmoja alitaka 100. Nilimwomba atazame mti wenyewe: kahawa haiivi kwa pamoja, tawi moja huwa na mekundu na ya kijani, na mkulima anahitaji kupita shambani mara kadhaa. Kila mzunguko ni vibarua na ni fedha. Tukatua kwenye 85, ndani ya misimu miwili. Lengo likaandikwa hivi: "Kuongeza matunda mabivu mekundu yanayopokelewa kutoka 68 hadi 85 kwa kila 100, ifikapo mwisho wa msimu wa pili, kwa sampuli inayochukuliwa na karani kila siku ya mapokezi." Hapo kuna kinachopimwa, kinapoanzia, kinapoishia, muda na mpimaji. Mafunzo yakahamia chini yake kama njia ya kufika.

Tahadhari kubwa ni kwa chama kinachotaka lengo la kilo. Mkahawa wa arabika una tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika unaofuata. Ukianzia kwenye mwaka wa neema, lengo lako litaonekana limeshindwa. Ukianzia mwaka mbaya, utasherehekea kazi ya mti. Chukua wastani wa misimu miwili au zaidi, iliyo hesabu shufwa, ili mwaka mzuri na mbaya vyote viingie.

Na kipimo chenyewe kinahitaji kulindwa. Wiki ya tatu karani aligundua ndoo zenye mekundu mazuri juu na kijani chini. Hakugombana na mtu. Sasa kila ndoo humwagwa yote kwenye turubai na kuchanganywa kwa mikono miwili, halafu ndipo anachota zile mia. Wiki hiyo namba ilishuka kutoka 81 hadi 73, na ni hiyo 73 tuliyoiandika kwenye daftari.