Kikohozi cha usiku na moshi wa koili

Mvua ikianza kunyesha Nairobi na mbu kuzidi, huwa napokea wagonjwa wenye malalamiko yanayofanana. Koo linawawasha usiku, asubuhi sauti imekauka, ikifika mchana wako sawa. Wengi wamekwisha kunywa dawa za kikohozi, na wengine wamemeza antibiotiki bila nafuu. Mimi ni daktari wa masikio, pua na koo, na mtu kama huyo humuuliza mapema: usiku mnachoma nini ndani?

Mama mmoja wa mtaa wa Pipeline alimleta mwanawe wa miaka 6. Wanaishi bedsita, dirisha moja, na usiku hulifunga kwa sababu ya mbu na ya usalama. Jioni mama huchoma ubani kwenye chetezo cha makaa, kisha wakienda kulala anawasha koili na kuisukuma chini ya kitanda. Mtoto alianza kukohoa kila usiku, kikohozi kikavu, bila homa. Nilimsikiliza kifua, hakikuwa na mlio wowote. Kilichonifungua macho ni jibu la mama nilipouliza kama kuna mahali mtoto hulala bila kukohoa. "Daktari, tulipoenda kwa nyanya yake Kitui alilala vizuri kabisa. Tuliporudi tu, kikaanza."

Watu hudhani kinachokera koo ni ile dawa ya kuua mbu. Dawa yenyewe, ya jamii ya pirethroidi, huwa chini ya asilimia 1 ya koili. Sehemu kubwa ni unga wa mbao au wa vifuu vya nazi, wanga na rangi. Vitu hivi huungua polepole bila mwali kwa saa saba au nane, na moto wa namna hiyo hauteketezi vizuri. Hutoa chembe ndogo mno za moshi na gesi kali kama fomaldehidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima koili kadhaa na kukuta kwamba koili moja ikiungua yote hutoa chembe laini sawa na za sigara 75 hadi 137. Sasa fikiria chumba cha mita tatu kwa tatu, dirisha limefungwa, na kichwa cha mtoto kiko juu kidogo tu ya moshi. Utando wa koo huvimba, neva za kikohozi zinachokozeka, na mwili unakohoa ili kujisafisha.

Ubani nao ni utomvu wa mti, kweli, lakini ukiungua hutoa chembe zilezile, na koo halichagui. Makaa ya chetezo huongeza monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu, ambayo katika chumba kilichofungwa inaweza kuua. Hilo silifanyii mzaha na mgonjwa yeyote.

Nilimwomba mama wiki mbili bila moshi wowote ndani. Si rahisi kumwambia mtu aache koili bila kumpa kitu badala yake, kwa hiyo tulianza na neti iliyotiwa dawa, kingo zikiingizwa chini ya godoro, na matundu yote kushonwa. Kisha wavu wa waya kwenye dirisha na kwenye tundu la hewa juu ya mlango, ili dirisha liweze kubaki wazi. Feni ndogo ikielekezwa kitandani husaidia pia, maana mbu hawawezi kuruka vizuri kwenye upepo. Mbu wengi wanaosumbua mitaani kwetu huzaliana kwenye maji machafu ya mitaro, hivyo majirani wa ploti walikubaliana kuuzibua mtaro unaopita chini ya dirisha.

Wiki ya kwanza kikohozi kilipungua. Wiki ya pili mama alichoma ubani Ijumaa jioni, na usiku huo mtoto akakohoa tena. Tukapata jibu bila kipimo chochote. Sasa ubani anachomea nje, koridoni, na nguo zake anazifukiza hukohuko.

Vifaa vya umeme vya kufukuza mbu havitoi moshi, ila dawa bado inaingia hewani, kwa hiyo dirisha liwe wazi, na kwa mtoto mwenye pumu mimi ningebaki na neti. Kama ni lazima utumie koili, iwashe jioni karibu na mlango ulio wazi, na uizime kabla ya kulala.

Wiki mbili bila moshi zikipita na kikohozi kipo palepale, nenda kliniki upimwe makohozi kwa ajili ya kifua kikuu. Ukikohoa damu, ukikonda, ukitokwa na jasho usiku au kifua kikikubana na kutoa mlio, usizisubiri hata hizo wiki mbili.