Hati safi yenye mashaka: namna ya kusoma ukurasa wa mkaguzi

Mzee mmoja wa Newala aliingia ofisini kwetu Mtwara na kijitabu cha taarifa ya mwaka cha kampuni aliyonunua hisa. Alikuwa amekunja kona ya ukurasa mmoja tu, ule wa mkaguzi. "Mwanangu, hapa wameandika hesabu zinaonyesha hali halisi. Kwa hiyo kampuni ni nzima?" Nilimwomba ageuze ukurasa. Chini kidogo kulikuwa na kichwa kingine cha habari ambacho hakukisoma, na habari yenyewe ilikuwa hapo.

Maneno yale ya mkaguzi ndiyo huitwa hati safi, nayo inasema jambo moja: hesabu zimeandaliwa inavyotakiwa, na hazina kosa kubwa la kumpotosha msomaji. Haisemi kwamba kampuni ina afya. Mgonjwa aliyepimwa vizuri na kuandikiwa majibu sahihi bado ni mgonjwa.

Chukua mfano, wa kubuni lakini unaofanana na hali ya kampuni ya mzee huyo, wa kampuni ya kubangua korosho inayofunga hesabu Desemba 31. Mali zake za muda mfupi ni shilingi bilioni 6.2: korosho ghalani bilioni 4.9, madai kwa wateja bilioni 1.06, na fedha taslimu milioni 240. Madeni yanayotakiwa kulipwa ndani ya mwaka ni bilioni 9.8. Pengo ni bilioni 3.6, na mwaka huo imepata hasara.

Ukiishia hapo unaweza kukimbilia kuuza hisa. Fungua kwanza maelezo ya hesabu, zile kurasa za maandishi madogo zinazofuata majedwali, utafute maelezo ya mikopo. Utakuta kwamba bilioni 5 kati ya zile 9.8 ni mkopo wa benki wa miaka mitano. Umeingiaje kwenye madeni ya mwaka mmoja? Mkataba uliitaka kampuni ibaki na kiwango fulani cha faida ukilinganisha na riba, nayo ikashindwa. Sharti likivunjwa, benki hupata haki ya kudai fedha zote papo hapo. Kama hadi siku ya kufunga hesabu benki haijakubali kuahirisha haki hiyo kwa angalau miezi 12, deni lote huhamishiwa kwenye muda mfupi, hata kama barua ya kulegeza sharti itafika Februari. Ondoa hizo bilioni 5 na madeni yanabaki bilioni 4.8, chini ya mali za muda mfupi. Kumbe uhai wa kampuni hii umening'inia kwenye barua ya benki, na korosho zilizo ghalani kuuzwa kwa bei nzuri.

Wakurugenzi wanatakiwa kupima kama kampuni itaweza kuendelea na shughuli kwa angalau miezi 12 baada ya kufunga hesabu, na kueleza mashaka kama yapo. Mkaguzi naye hupima kazi yao. Wakiwa wameeleza wazi, atatoa hati safi, kisha ataweka sehemu inayojitegemea yenye kichwa kinachotaja mashaka makubwa kuhusu uwezo wa kuendelea na shughuli. Humo atakuelekeza kwenye maelezo namba fulani, na kumalizia kwamba maoni yake hayakubadilishwa na jambo hilo. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo huwapoteza wengi. Haina maana kwamba jambo ni dogo. Maana yake ni kwamba kampuni haikulificha.

Wakurugenzi wakilificha au kulieleza nusunusu, hapo ndipo hati hubadilika kuwa yenye shaka, yaani hesabu ni sawa isipokuwa jambo hilo, au mbaya, yaani hesabu kwa ujumla hazionyeshi hali halisi. Na kampuni ikiwa kwa hakika inafungwa lakini hesabu zimeandikwa kana kwamba itaendelea, hati ni mbaya moja kwa moja.

Jihadhari na mabadiliko yanayokuja. Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi namba 570 kimeandikwa upya, na kwa vipindi vya hesabu vitakavyoanza Desemba 15, 2026 au baadaye, kila ripoti ya mkaguzi itakuwa na sehemu ya uwezo wa kuendelea, hata ya kampuni iliyonona. Usishtuke kuiona, tafuta kama imetaja mashaka makubwa. Wala usilale kwa kutoyaona, maana mkaguzi si mtabiri, na bei ya korosho mnadani haimsubiri mtu.

Rudi kwenye maelezo yale, usome wakurugenzi wanapanga kujinasuaje. "Mwanahisa mkuu ataendelea kutuunga mkono" ni maneno mepesi. Ahadi iliyoandikwa, yenye kiasi na muda, kutoka kwa mtu mwenye hizo fedha, ina uzito. "Tunatarajia kuuza ghala" ni tofauti na ghala lililokwisha kupata mnunuzi aliyelipa malipo ya awali.

Mzee wa Newala aliondoka na swali moja la mkutano mkuu, ameliandika nyuma ya kijitabu: barua ya benki imeshafika, na inatupa hadi lini?