Kitambaa hakiguswi: mpaka wa mtandio kwenye uso uliopandikizwa

Kazi yangu ni kupandikiza nyuso kwenye video za kuigiza. Mwigizaji wa hatari anaruka au anaanguka, nami naweka uso wa mhusika mkuu juu ya wake, kwa ridhaa ya wote wawili. Kwa kichwa kisichofunikwa, mahali pagumu ni pale nywele zinapoanzia. Kwa kichwa kilichofunikwa watu hudhani mambo yanarahisika, maana nywele hazipo. Kumbe ndipo yanapokuwa magumu, na kosa likitokea halibaki kuwa la macho tu. Linamgusa mtu.

Nitaeleza tukio moja la sekunde 4, fremu 96. Mhusika anashuka ngazi mbio, amejitanda mtandio wa kijani kibichi, pindo lake likiwa vidole viwili juu ya nyusi. Mwigizaji mkuu, mwenye uso niliokuwa napandikiza, huvaa hijabu kila siku kwa imani yake, si kwa ajili ya igizo. Toleo langu la kwanza nililiona zuri, nikamwonyesha. Alilitazama mara mbili, akasema taratibu, "Kaka, hapo chini ya mtandio naona nywele. Na mimi nywele zangu hazionekani."

Nikasimamisha video, nikakuza. Palikuwa na kivuli cha rangi ya hudhurungi, kama upana wa pikseli 6, kikipanda juu ya pindo la kitambaa kwenye fremu zipatazo 15. Hazikuwa nywele zake. Hatukuwa na picha yake hata moja ya kichwa wazi, na wala sikuomba. Picha za aina hiyo haziombwi. Mashine ndiyo iliyozibuni. Nilitaka kujua zimetoka wapi, na nikakuta sababu mbili zilizokutana.

Ya kwanza ni jinsi uso unavyopimwa. Kipimo kinachotumika sana kina alama 68: 17 za taya, 10 za nyusi, 9 za pua, 12 za macho na 20 za mdomo. Hesabu mwenyewe utaona paji la uso halina alama hata moja. Programu inajua nyusi ziko wapi, na kutoka hapo inakisia paji linaishia wapi. Kwa hiyo mhusika akishtuka na kuinua nyusi, makisio nayo yanapanda, na maski, yaani eneo linalowekwa uso mpya, inapanda juu ya kitambaa. Fremu zile 15 zote zilikuwa za yeye kushtuka.

Ya pili ni mafunzo ya modeli, yaani programu inayojifunza kuchora uso kutokana na picha. Tulianza na modeli iliyokwisha kufundishwa kwa nyuso nyingi za watu wengine, wengi wao vichwa wazi, kisha tukaiongezea picha zake. Kwenye picha hizo mtandio uliachwa nje ya maski ili modeli ijifunze ngozi tu. Ni njia sahihi, ila ina athari yake: nje ya maski modeli haifundishwi kitu kipya, hivyo hapo panabaki mazoea ya zamani, yaani nywele za watu wasiojulikana. Ukiruhusu maski ya mwisho itoke nje ya eneo lililofundishwa, hicho ndicho utakachokiona.

Tangu siku hiyo nafuata kanuni moja: kitambaa ni cha picha ya asili, ile ya mwigizaji wa hatari, hakiguswi, na kivuli chake vilevile. Mpaka wa uso mpya hautui kwenye pindo. Unatua chini yake, juu ya ngozi, mahali ngozi inapokutana na ngozi. Jicho la mtazamaji hulisamehe paji kuwa na tofauti ndogo sana ya rangi. Halisamehe ukingo wa nguo unaotetema.

Kwenye tukio lile, kutoka pindo hadi nyusi palikuwa na pikseli 60. Chini ya pindo kulikuwa na kivuli chembamba cha pikseli 10, kile kinachoonyesha kwamba kitambaa kimelalia kichwa kweli. Nilishusha mpaka wa maski hadi pikseli 25 chini ya pindo, nikaufifisha kwa pikseli 12 kila upande. Hivyo mchanganyiko uliishia pikseli 13 chini ya kitambaa, na kivuli kikabaki kizima. Utaratibu hapa una maana: punguza maski kwanza, ufifishe baadaye, na upunguzaji usiwe mdogo kuliko ufifishaji. Ukipunguza kidogo kuliko unavyofifisha, ukungu wa maski unarudi juu na kulamba kitambaa.

Maski yenyewe siiachii makisio. Kwenye DeepFaceLab, programu ya kupandikiza nyuso, nachora kwa mkono kwa kihariri chake cha maski kiitwacho XSeg, na kwa fremu 96 nilichora kama 20 ili XSeg ijifunze kutoka kwazo kuchora zilizobaki. Nilichora ya mwanzo, kila mahali kichwa kinapogeuka, kila mahali pindo linaposogea kwa upepo, na zote ambazo nyusi zimeinuka. Hizi za nyusi ndizo watu huziruka, na ndizo zinazoharibu kazi.

Kulikuwa na kosa jingine ambalo sikulielewa haraka. Uso ulionekana mgonjwa, kama umepungukiwa damu. Nilidhani ni taa. Kumbe ni kitambaa kilichoingia kwenye maski wakati wa kulinganisha rangi. Njia ya kawaida ya kulinganisha huchukua wastani wa rangi ndani ya maski ya picha ya asili, kisha ikausogeza uso mpya ufanane na wastani huo. Tuchukue mizani inayopima wekundu na ukijani, ambapo chanya ni wekundu. Tuseme ngozi iko kwenye 14 na kitambaa cha kijani kiko kwenye −36. Kitambaa kikichukua asilimia 8 tu ya maski, wastani unakuwa 0.92 × 14 + 0.08 × (−36), yaani 10. Ngozi inanyang'anywa pointi 4 za wekundu na kitambaa ambacho hakikupaswa kuhesabiwa. Mtandio mwekundu hufanya kinyume chake: uso unaiva kama umepigwa na jua. Nilipotoa kitambaa kwenye maski, damu ilirudi usoni bila kugusa kitu kingine.

Lakini usiondoe rangi yote ya kitambaa kwenye ngozi. Mtandio huakisi mwanga kwenye mashavu na chini ya kidevu, na mwangwi huo wa kijani ni wa kweli, uache. Ndiyo maana picha za kufundishia napenda zipigwe mwigizaji akiwa amejitanda mtandio uleule, kwa namna ileile anayojitanda, chini ya taa zinazofanana. Kitambaa kilichokazwa husukuma mashavu mbele kidogo na kubana panja. Uso uliopigwa picha bila mkazo huo, ukiubandika ndani ya mtandio, unaonekana kama picha iliyopachikwa kwenye tundu.

Ule ukanda wa paji uliobaki ni ngozi ya mwigizaji wa hatari, na kwa kawaida rangi hailingani. Urekebishe kwa kuzidisha, usiongeze. Ukizidisha mwanga kwa, tuseme, 1.15, ngozi inang'aa na kivuli kinabaki kivuli kwa uwiano uleule. Ukiongeza kiasi kilekile cha mwanga kila mahali, kivuli kinajaa, na kitambaa kinaanza kuelea juu ya kichwa.

Mwisho wa yote naweka tabaka la juu kabisa: kitambaa chenyewe, kimekatwa kutoka picha ya asili fremu kwa fremu. Halafu napima kwa kutoa picha moja kwenye nyingine na kukuza tofauti mara 20, kwa amri hii ya programu ya ffmpeg:

```
ffmpeg -i asili.mov -i tokeo.mov -filter_complex \
"[0:v]format=gbrp[a];[1:v]format=gbrp[b];[a][b]blend=all_mode=difference,format=rgb24,lutrgb=r=val*20:g=val*20:b=val*20" \
-pix_fmt yuv420p tofauti.mp4
```

Faili zote mbili ziwe hazijabanwa kwa kupoteza ubora, la sivyo utaona chembechembe kila mahali. Kwenye matokeo, uso utang'aa na mtandio unatakiwa uwe mweusi tii. Ukiona uzi wowote wa mwanga juu ya kitambaa, umegusa nguo ya mtu.

Njia hii ina mwisho wake. Pindo likishuka hadi kwenye nyusi, ukanda wa ngozi haupo, na hapo mpaka unategemea ukataji wa kitambaa kwa mkono peke yake. Upepo ukileta mtandio mbele ya jicho wakati kichwa kinageuka, mara nyingi ni afadhali kupiga upya. Kuna pia tatizo la uso mpya kuwa mpana kuliko tundu la mtandio. Nimewahi kuombwa "sogeza mtandio nyuma kidogo" ili uso upate nafasi. Sisogezi hata pikseli moja. Jinsi mwanamke anavyojitanda, na kipi anaacha kionekane, ni uamuzi wake. Ninaloruhusiwa kukunja na kubana ni uso nilioutengeneza mimi.

Kwa kilemba cha Masingasinga kanuni ni ileile, ila macho yako wewe mtengenezaji yaelekee pembeni mwa uso. Kilemba hufunika sehemu ya juu ya masikio, na modeli hupenda kuchora sikio zima au nywele zilizokatwa kwenye panja. Kwa watu ambao kutokata nywele ni sehemu ya dini yao, hilo ni kosa zito. Ndevu nazo zinahusika: modeli hulainisha kingo za ndevu hadi zionekane zimepunguzwa kwa mkasi. Ndevu za mwenye uso zifundishwe kwa picha zake mwenyewe, na pale zinapogusa kola, ncha zake zitazamwe fremu kwa fremu.

Kofia isiyo na ukingo haina shida kubwa, maana inakaa juu na kuacha paji lote. Yenye ukingo mbele hutupa kivuli hadi machoni, na kivuli hicho hutembea kichwa kinapoinama. Hapo natenga kivuli cha asili na kukizidisha juu ya uso mpya, badala ya kuiacha modeli ikibuni chake.

Toleo la pili la ngazi nilimpelekea yule dada pamoja na video ya tofauti, nikamweleza weusi ule maana yake nini. Akaomba fremu 61, pale anaposhtuka. Akaikuza mwenyewe, akafuata pindo la mtandio kwa kidole kutoka panja hadi panja. Kisha akaniuliza kama toleo la kwanza bado liko kwenye diski zetu. Lilikuwepo, pamoja na nakala mbili. Nilizifuta zote tatu akiwa amekaa pembeni yangu.