Dhana potofu kuhusu takwimu za video za mafunzo kazini

Tuchukue mfano wa kampuni ya huduma za pesa kwa simu. Wahudumu 120 wa kituo cha simu wamepangiwa video ya dakika 8 inayofundisha namna ya kumsaidia mteja aliyetuma pesa kwa namba isiyo sahihi. Mwishoni kuna maswali 10 ya kuchagua jibu. Wiki mbili baadaye ripoti inaletwa, na ndipo makosa ya kuisoma yanapoanza.

Dhana: Aliyeandikiwa "amemaliza" ameitazama video.

Ukweli ni kwamba mfumo huandika kile ulichopangiwa kuandika. Katika SCORM 1.2, kiwango kinachotumiwa na masomo ya mtandaoni kupeleka matokeo kwenye mfumo wa mafunzo, hali ya somo hukaa sehemu moja tu, `cmi.core.lesson_status`, na hapo ndipo huandikwa `completed` au `passed`. Somo likipangwa kuandika `completed` pale tu sekunde ya mwisho inapofikiwa, anayevuta kitelezi hadi mwisho anahesabiwa sawa na aliyetazama yote. Kulibaini hili ni rahisi: ingia kwa akaunti ya majaribio, vuta kitelezi hadi mwisho, kisha fungua ripoti. Ukikuta umehesabiwa, badili kigezo kiwe sehemu ya video iliyochezwa kweli, kwa mfano 90%, na vipande vilivyorukwa visihesabiwe. Hata hivyo kigezo hicho hakimwoni mtu aliyeiacha video icheze huku akifanya kazi nyingine, ndiyo maana takwimu hii haitoshi peke yake.

Angalia pia asilimia imetokana na watu wangapi. Tuseme 96 kati ya wale 120 waliifungua video, na 84 wakaimaliza. Ukigawa kwa waliopangiwa unapata 70%. Ukigawa kwa walioifungua unapata 87.5%. Hapa video yenyewe haina shida kubwa. Shida ni wale 24 ambao hawakuigusa kabisa, na dawa yao ni kutengewa muda ndani ya zamu. Kuikata video iwe fupi hakutawasaidia.

Dhana: Kipande kinachorudiwa sana ndicho kinachopendwa.

Mara nyingi ni kinyume chake, lakini usikimbilie kuhukumu. Grafu inaonyesha kipande cha kuanzia 4:10 hadi 4:50, kinachoeleza namna ya kuzuia kiasi kilichotumwa, kimerudiwa mara 130. Swali la kwanza ni watu wangapi wamerudia. Wakiwa 9, huenda ni wageni kazini wanaohitaji mtu wa kuwaelekeza. Wakiwa 50, huenda kasoro imo kwenye video.

Swali la pili ni lini walirudia. Waliorudi nyuma katika kikao kilekile, kabla ya maswali, kuna kitu kimewapita: maandishi ya kwenye skrini ni madogo, au msimulizi anataja kitufe huku picha imeshahamia ukurasa mwingine. Waliorudi baada ya kukosa swali wanatafuta jibu tu, na hilo halisemi lolote kuhusu ubora wa kipande. Waliokifungua siku kadhaa baadaye, saa za kazi, wanakitumia kama mwongozo. Hilo ni jambo zuri, na kipande hicho kinastahili kutolewa kama video yake fupi ya sekunde 40. Kwa hiyo jumla ya marudio bila majina na saa haina kazi.

Dhana: Wastani wa 94% maana yake watu wameelewa.

Kama mfanyakazi anaruhusiwa kurudia maswali bila kikomo na mfumo unatunza alama ya juu, karibu kila mtu atafika huko. Tumia alama ya jaribio la kwanza, na uliza maswali hayohayo kabla ya video. Kisha soma swali moja moja. Tuseme swali la 1 lilijibiwa sahihi na 91% kabla na 95% baada. Video haikuongeza kitu cha maana hapo, walikuwa wanalijua. Swali la 4, linalohusu kuzuia kiasi kilichotumwa, lilitoka 30% hadi 38%. Likiwa na majibu manne, anayebahatisha tu ana nafasi ya 25%, hivyo 38% ni ndogo mno.

Sasa unganisha: swali la 4 linafundishwa kuanzia 4:10, na tuseme ni palepale wengi waliporudia kabla ya maswali. Walijitahidi, wakarudia, na bado wakakosa. Lakini kabla ya kurekodi upya, soma majibu waliyochagua. Wengi wakiwa wameangukia jibu moja lisilo sahihi, kagua maneno ya swali kwanza, maana huenda linasomeka kwa namna mbili. Yakiwa yametawanyika, rekodi upya zile sekunde 40, wape kundi linalofuata, na ulinganishe swali la 4 peke yake.