Shambulio la hofu si presha kupanda

Neno presha siku hizi linabebeshwa mizigo isiyo yake. Mtu akianza kuhema ghafla ndani ya daladala, akashika kifua na kulowa jasho wakati wenzake wamekaa tu, abiria wanakubaliana haraka kwamba presha imempanda. Hakosi na mmoja wa kusema imeshuka. Mara nyingi, hasa kama ni kijana asiye na ugonjwa unaojulikana, kilichompata ni shambulio la hofu. Simaanishi kule "kupaniki" kwa mtaani, ambako mtu kakasirika au kahamanika kwa sababu mtihani umekaribia.

Shambulio la hofu ni hofu kali inayoibuka ghafla, inafika kileleni ndani ya dakika chache, kwa kawaida hazizidi 10, kisha inashuka yenyewe. Ikija, inakuja na mwili mzima: moyo unakwenda mbio, kifua kinabana, hewa inaonekana haitoshi, koo linakaba, mikono inatetemeka, tumbo linavuruga, ganzi inatambaa kwenye vidole na kuzunguka mdomo, kichwa kinakuwa chepesi, na kila kitu kinaonekana kiko mbali, kana kwamba si cha kweli. Juu ya yote hayo mtu ana uhakika kwamba anakufa au anarukwa na akili. Si lazima dalili zote zije. Zikija nne kwa pamoja na kwa ghafla namna hiyo, inatosha kuliita shambulio. Na si lazima kuwe na jambo la kuogopesha mbele yake. Wengine linawaamsha usingizini.

Sasa turudi kwenye presha, maana hapo ndipo watu wanapoumizwa. Shinikizo la damu kubwa kwa kawaida halisikiki. Mtu anaweza kukaa nalo miaka mingi akilima, akicheza mpira, akila na kulala vizuri, asijue kitu mpaka apimwe. Ndani ya shambulio la hofu, mwili umemwaga adrenalini, moyo unasukuma kwa nguvu, na shinikizo linapanda kwa muda. Kwa hiyo mpime dakika hiyo kwenye duka la dawa, mashine itasoma juu kweli, na hapo hapo mtu wa miaka 25 anatoka na vidonge na jina la ugonjwa asio nao. Shinikizo limepanda kwa sababu ya hofu, halikuleta hofu. Ili mtu aambiwe ana presha, anatakiwa apimwe akiwa ametulia, amekaa kimya kama dakika 5, mgongo umeegemea na miguu iko chini, na kipimo kionekane kikubwa, 140/90 au zaidi, kwa siku tofauti.

Nilipokuwa zahanati aliletwa dada mmoja muuza vitenge, kashushwa kwenye daladala ya Mbagala huku amebebwa na makondakta wawili. Waliomleta walikuwa wamegawanyika, nusu wanasema presha, nusu wanasema mapepo, na waliosema mapepo walikuwa na ushahidi wao: mikono. Vidole vilikuwa vimenyooka na kukazana pamoja, kidole gumba kimeingia kiganjani, viganja vimejikunja kuelekea ndani, na ukijaribu kuvikunjua havikubali. Mwenyewe yuko macho, anakusikia, anajibu, ila kwa maneno mawili mawili kwa sababu ya kuhema. Kila akipata nafasi anasema, "Hewa haiingii."

Hewa ilikuwa inaingia, tena kuliko inavyohitajika. Kifaa kile kidogo cha kubana kidoleni kilisoma oksijeni 99 kwa 100. Nilimhesabia pumzi kwa dakika nzima zikafika 34, wakati mtu mzima aliyetulia anapumua kati ya 12 na 20. Shinikizo lilikuwa 154/94.

Mtu akihema namna hiyo anatoa nje hewa ya ukaa kupita kiasi. Tumezoea kuiona kama uchafu wa kutupwa, lakini damu inahitaji kubaki na kiasi chake. Ikipungua sana, asidi ya damu inapungua nayo, na sehemu ya kalsiamu iliyokuwa huru kwenye damu inajishika na protini. Mishipa ya fahamu ikikosa kalsiamu hiyo inaanza kurusha ishara ovyo, ndiyo ganzi ya midomo na vidole, na ikizidi misuli ya mikono inakakamaa kama ya yule dada. Wakati huo huo mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo inasinyaa kidogo, na kichwa kinakuwa chepesi. Misuli ya kifua nayo imechoka kwa kazi ya kuhema, inauma. Mgonjwa anazisoma dalili hizi kuwa ni kifo kinakuja, hofu inaongezeka, anahema zaidi, na dalili zinaongezeka. Mzunguko wenyewe ni huo.

Ukiuelewa mzunguko huu utaona kwa nini ushauri unaotolewa na kila mtu barabarani ni mbaya: "Vuta pumzi! Vuta kwa nguvu!" Anavuta kwa nguvu tayari, ndiyo shida yake. Kazi ya dakika za mwanzo ni kupunguza hewa, na njia rahisi ya kuipunguza ni kurefusha kutoa.

Yule dada tulimkalisha, hatukumlaza, tukawaomba waliomzunguka watoke, akabaki mtu mmoja wa kuzungumza naye. Sauti tatu zinazotoa amri tofauti ni hofu ya ziada. Nikamwambia kwa kifupi kinachoendelea: mwili wako umepiga king'ora bila moto, mikono imekaza kwa sababu ya kuhema, itaachia. Kisha mkono wake mmoja ukawekwa juu ya kitovu ili ahisi tumbo linavyoinuka, badala ya mabega. Anafunga mdomo, anavuta kidogo tu kwa pua wakati mimi nahesabu moja mpaka nne taratibu, halafu anatoa kwa midomo iliyobanwa kama anayepoza chai, nahesabu mpaka sita. Mara ya kwanza aliishia kwenye mbili akavuta tena. Hilo ni la kawaida, na hakuna haja ya kumkemea. Unaanza kuhesabu upya, na wewe mwenyewe unapumua naye kwa sauti inayosikika. Asipoweza nne kwa sita, mpe mbili kwa tatu. Kinachotakiwa ni kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta.

Dakika mbili tatu za kwanza zinakatisha tamaa kwa sababu hakuna kinachobadilika. Hewa ya ukaa inarudi polepole. Kwanza sauti inapata sentensi nzima, halafu kizunguzungu kinapungua, vidole vinalegea, na ganzi ya midomo mara nyingi ndiyo inayoondoka mwisho. Baada ya kama dakika 20 shinikizo la yule dada lilikuwa 122/78, na hakuwa amemeza kidonge chochote.

Ukiwa peke yako hatua ni zile zile, ila kuhesabu ni kwako. Keti, kanyaga chini kwa nyayo zote mbili, na uangalie kitu kimoja kilicho mbele yako mpaka uweze kukieleza rangi na umbo. Kama unaendesha gari au bodaboda, egesha kwanza. Kama uko mahali salama, ni bora ubaki hapo mpaka lipungue. Anayekimbia nje kila mara anatoka na somo kwamba ni kule kutoka ndiko kulikomwokoa, na safari inayofuata anaogopa daladala, wiki inayofuata anaogopa na sokoni.

Mfuko wa kupumulia mdomoni, ule wa kwenye filamu, achana nao. Unarudisha hewa ya ukaa kweli, lakini unapunguza oksijeni pia, na kama uliyedhani ana hofu kumbe ana pumu au tatizo la moyo, unaweza kumuua. Wa plastiki ndiyo kabisa.

Na hapo ndipo mpaka wa haya yote ulipo: kwa macho tu huwezi kuwa na uhakika. Mtu ambaye hajawahi kupata hali hii apelekwe kituo cha afya, hata kama ametulia njiani. Maumivu ya moyo mara nyingi ni kama uzito uliokalia katikati ya kifua, yanaweza kwenda mkononi, kwenye taya au mgongoni, yanaanza au kuzidi mtu anapofanya kazi ya nguvu, na hayafuati saa ya hofu ya kupanda na kushuka. Kwa wanawake, wazee na wenye kisukari yanaweza kujificha kabisa, yakaja kama kichefuchefu na kukosa pumzi tu. Ganzi ya hofu kwa kawaida huja pande zote mbili; ikiwa upande mmoja wa mwili umelegea, mdomo umepinda au maneno hayatoki, huo ni uwezekano wa kiharusi, usianze kuhesabu pumzi. Anayetoa mlio kama wa filimbi kifuani anapotoa hewa anahitaji dawa yake ya pumu. Anayetumia insulini akatoka jasho na kutetemeka, pima sukari, na kama kipimo hakipo mpe kitu cha sukari maadamu anaweza kumeza. Mjamzito, mama aliyejifungua karibuni, au mtu mwenye mguu mmoja uliovimba akikosa pumzi ghafla, ni hospitali moja kwa moja, kwa sababu damu iliyoganda inaweza kuwa imefika kwenye mapafu. Na aliyezimia kabisa hafanani sana na mwenye hofu. Ndani ya shambulio shinikizo huwa juu, kwa hiyo mtu anahisi ataanguka lakini ni nadra aanguke.

Limebaki neno moja la kurekebisha, na hili linatuhusu sisi wa upande wa koti jeupe zaidi. Kipimo cha umeme wa moyo kikitoka safi, sukari sawa, damu sawa, mgonjwa huambiwa, "Huna kitu, nenda nyumbani." Anarudi nyumbani na mikono aliyoiona ikikakamaa kwa macho yake, na wiki mbili baadaye yuko hospitali nyingine, au kwa mganga. Ana kitu. Aambiwe kinaitwa shambulio la hofu, aelezwe mikono ilikaza kwa nini, apunguze kahawa, miraa na vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo vinaharakisha moyo hata siku isiyo na hofu, na kama mashambulizi yanajirudia au ameanza kukwepa mahali kwa kuyaogopa, apelekwe kitengo cha afya ya akili. Huko kuna tiba ya mazungumzo na dawa za kumeza kila siku, na zote mbili zinafanya kazi kwa tatizo hili.