Kiasi sahihi, pande zimegeuzwa: kwa nini ingizo zima linahesabiwa kosa

Malalamiko haya mwalimu yeyote wa hesabu za biashara amekwisha kuyasikia: "Mwalimu, laki sita nimeandika, majina ya akaunti yote mawili yapo, na debiti inalingana na krediti. Mkasi huu wa nini?" Mwanafunzi hajakosea hesabu. Amechukua kilichotakiwa kwenda upande wa debiti akakiweka krediti, na cha krediti akakiweka debiti. Akitazama daftari lake anaona kosa dogo la mpangilio. Mwalimu anaona habari ya kinyume kabisa na iliyotokea.

Tuanze na kile ambacho ingizo linasema. Kiasi kinajibu swali la ngapi. Jina la akaunti linajibu swali la kitu gani. Upande ndio unaosema kama kitu hicho kimeongezeka au kimepungua, na hakuna sehemu nyingine ya ingizo inayosema hivyo, maana katika leja hatuandiki alama za kujumlisha na kutoa. Mtu anayesafiri kwa treni kutoka Kigoma kwenda Tabora akikatiwa tiketi ya kutoka Tabora kwenda Kigoma, nauli ni ileile na vituo ni vilevile, lakini tiketi hiyo haimfikishi anakokwenda.

Kanuni yenyewe ni fupi. Mali na gharama zikiongezeka zinaandikwa debiti, yaani kushoto, na zikipungua zinaandikwa krediti, yaani kulia. Madeni tunayodaiwa, mtaji na mapato huenda kinyume chake: yakiongezeka ni krediti, yakipungua ni debiti. Utaratibu huu wa pande mbili si wa jana. Luca Pacioli aliueleza katika kitabu kilichochapishwa Venisi mwaka 1494, naye hakuubuni bali aliandika yale ambayo wafanyabiashara wa mji ule walikuwa wakiyafanya tayari.

Sasa tuchukue mfano wa mama anayefanya biashara ya dagaa Kigoma. Ameanza mwezi na shilingi 900,000 taslimu, zote ni mtaji wake. Asubuhi anashuka mwalo wa Kibirizi, ananunua dagaa wa 600,000 na kulipa papo hapo. Fedha imepungua, manunuzi yameongezeka. Ingizo linalotakiwa ni hili:

Debiti: Manunuzi 600,000
Krediti: Fedha taslimu 600,000

Mwanafunzi wetu ameandika hivi:

Debiti: Fedha taslimu 600,000
Krediti: Manunuzi 600,000

Soma ingizo la pili kwa maneno ya kawaida: fedha imeingia 600,000 na manunuzi yamepungua 600,000. Hii ni habari ya mtu aliyerudisha dagaa kwa muuzaji akarejeshewa fedha zake. Kwa hiyo mwanafunzi hakuandika tukio lile kwa namna mbaya, ameandika tukio lingine ambalo halikutokea.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba urari, yaani orodha ya masalio ya akaunti zote, haulalamiki. Kwa ingizo sahihi, upande wa debiti kuna fedha 300,000 na manunuzi 600,000, jumla 900,000. Upande wa krediti kuna mtaji 900,000. Umelingana. Kwa ingizo lililogeuzwa, upande wa debiti kuna fedha 1,500,000 peke yake, na upande wa krediti kuna mtaji 900,000 na manunuzi 600,000, jumla 1,500,000. Nao umelingana! Urari unapima jambo moja tu, kwamba jumla ya debiti ni sawa na jumla ya krediti. Ukigeuza pande zote mbili kwa pamoja, usawa huo haubadiliki. Ndiyo maana kosa hili, ambalo wahasibu huliita ugeuzi kamili wa ingizo, limo katika orodha ya makosa ambayo urari hauwezi kuyafichua.

Lisichanganywe na ndugu yake. Kama jarida, yaani kitabu ambamo ingizo huandikwa kwanza, lilikuwa sahihi lakini wakati wa kuhamishia leja ukageuza akaunti moja tu, tuseme Manunuzi yamekwenda krediti na Fedha taslimu nayo ikabaki krediti, hapo urari utagoma, na tofauti itakuwa 1,200,000. Kosa la nusu linapiga kelele. Lililo kamili linanyamaza, na kwa maoni yangu ndilo baya zaidi.

Utalijuaje basi? Kwa ununuzi wa taslimu, kisanduku cha fedha kitakuambia. Kitabu kinasema 1,500,000, ukihesabu noti unakuta 300,000. Tofauti ni 1,200,000. Igawe kwa mbili, unapata 600,000, halafu pekua jarida utafute ingizo la kiasi hicho. Likiwepo, litazame pande zake kabla ya kumtuhumu mtu wa dukani kwa wizi. Nusu ya tofauti si ushahidi kamili, ni dalili ya pa kuanzia, lakini inaokoa muda mwingi. Katika mfano wetu kuna dalili nyingine: akaunti ya Manunuzi ina salio upande wa krediti, jambo ambalo kwa kawaida halipo. Dalili hiyo hupotea biashara ikiwa na manunuzi mengi. Kama mwezi huo kulikuwa na manunuzi mengine ya 5,000,000, salio lingesomeka 4,400,000 badala ya 5,600,000, na hakuna ambaye angelishangaa kwa kulitazama tu.

Panapokosekana kisanduku cha kuhesabu, hali ni ngumu zaidi. Tuseme mama huyohuyo anapakia magunia ya dagaa kwenda kwa mwenye duka Tabora, kwa mkopo wa 450,000. Kinachotakiwa ni debiti kwa mdaiwa na krediti kwa Mauzo. Karani akageuza: debiti Mauzo, krediti mdaiwa. Siku hiyo hakuna fedha iliyoingia wala kutoka, kwa hiyo hata ukihesabu noti mara tatu hutaona kitu. Kitabuni, mwenye duka wa Tabora amekuwa mdai, yaani sisi ndio tunaonekana kudaiwa naye 450,000.

Wiki mbili baadaye anatuma fedha zake zote. Safari hii karani anaandika sawasawa: debiti Fedha taslimu 450,000, krediti mdaiwa 450,000. Fungua akaunti ya yule bwana sasa. Ina krediti mbili na haina debiti hata moja, salio 900,000. Mtu amelipa deni lake lote, na leja inasema tunadaiwa naye laki tisa. Akitumiwa taarifa ya akaunti yake, kama ni mwaminifu atapiga simu. Kama si mwaminifu, ataagiza dagaa wengine wa laki tisa na kusema wakatwe humo humo.

Upande wa Mauzo nako kumeharibika kwa kiasi hichohicho. Kama mauzo mengine ya kipindi yalikuwa 2,000,000, jumla sahihi ingekuwa 2,450,000. Kitabu kinaonyesha 1,550,000. Pengo ni 900,000, si 450,000, na lote linaangukia faida. Sababu ni kwamba kosa limefanya mambo mawili kwa mpigo: limeacha kuongeza 450,000 iliyostahili, na juu yake limepunguza 450,000 isiyostahili kupunguzwa.

Hapo ndipo penye mtego wa pili, wa kusahihisha. Wengi wakishaambiwa pande zimegeuka huandika ingizo sahihi la 450,000 wakadhani wamemaliza. Hawajamaliza. 450,000 ya kwanza imefuta kosa tu, na vitabu sasa viko kama vile dagaa hawakuuzwa kabisa. Inatakiwa 450,000 nyingine ya kuandika mauzo yenyewe. Kwa hiyo ingizo la marekebisho, lililopitishwa kwenye jarida na maelezo yake chini, ni la mara mbili:

Debiti: Mdaiwa 900,000
Krediti: Mauzo 900,000
Maelezo: kusahihisha mauzo ya mkopo ya 450,000 yaliyoandikwa pande zikiwa zimegeuzwa

Lipeleke kwenye akaunti ya mwenye duka uone: krediti 450,000 ya kosa, krediti 450,000 ya malipo, debiti 900,000 ya marekebisho. Salio ni sifuri, kama inavyopaswa kuwa kwa mtu aliyelipa. Mauzo nayo yanapanda kutoka 1,550,000 hadi 2,450,000. Ukipenda unaweza kuandika maingizo mawili ya 450,000 badala ya moja, matokeo ni yaleyale, na kwa anayejifunza huwa yanaeleweka kwa urahisi zaidi. Kufuta kwa kalamu au kupaka rangi nyeupe hakukubaliki, kwa sababu atakayekagua lazima aone kosa na tiba yake.

Turudi kwa mwanafunzi anayedai walau nusu ya alama kwa kuwa kiasi ni sahihi. Kiasi kile hakukitafuta yeye. Kilikuwa ndani ya swali: "alinunua bidhaa kwa fedha taslimu 600,000." Amekinakili. Kazi aliyopewa ilikuwa kuamua akaunti zipi zimeguswa na kila moja iende upande gani, na hilo la pili, ambalo ndilo lenye uzito, amelikosa kwa akaunti zote mbili. Mwalimu anayetoa alama kwa kila mstari ulio upande wake sahihi hana mstari hata mmoja wa kuupa alama. Labda maelezo mafupi chini ya ingizo, kama yapo na yako sawa.

Makosa haya mengi chanzo chake ni benki. Mtu anaweka fedha, taarifa ya benki inamwonyesha krediti, naye anahitimisha kwamba krediti ni fedha kuingia. Lakini taarifa ile ni nakala ya kitabu cha benki, si cha kwako. Ulipoweka 300,000, benki ilianza kudaiwa na wewe, na deni likiongezeka huandikwa krediti. Katika kitabu chako hiyo 300,000 ni mali, kwa hiyo akaunti ya Benki inapata debiti. Makato nayo ni hivyo hivyo: benki ikikukata 5,000 itaandika debiti kwenye taarifa yake, na wewe utaandika debiti Gharama za benki 5,000, krediti Benki 5,000. Anayenakili taarifa ya benki moja kwa moja kwenye akaunti yake ya Benki bila kugeuza pande atakuwa amekosea kila mstari, na tofauti kati ya salio lake na la benki itakuwa imetokana na mistari yote kwa pamoja, kiasi kwamba kuigawa kwa mbili hakutamwonyesha ingizo lolote moja.