Minara miwili na bahari katikati: dhana potofu kuhusu upeo wa redio

Kutoka katikati ya Dar es Salaam hadi Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 73, na sehemu kubwa ya njia hiyo ni maji matupu. Hakuna mlima wala ghorofa la kuziba, kwa hiyo wengi hudhani kuunganisha pande hizi mbili kwa mawimbi ya redio ya maikrowevu ni suala la kuelekeza antena tu. Kizuizi kipo, nacho ni dunia yenyewe, kwa kuwa ni mviringo. Tuchukulie mfano wa antena iliyofungwa mita 100 juu ya bahari upande wa Dar, na nyingine mita 60 upande wa Zanzibar. Tutakwenda na mfano huu mmoja hadi mwisho.

Dhana: Jicho lisipoona mnara wa pili, redio nayo haifiki

Ukweli ni kwamba mawimbi ya redio huvuka kidogo mahali ambapo jicho limekoma. Hewa ya karibu na ardhi ni nzito na ina mvuke mwingi, na kadiri unavyopanda inakuwa nyepesi na kavu. Wimbi likipita humo, sehemu yake ya chini huenda polepole kuliko ya juu. Ni kama safu ya askari kwenye gwaride: wa upande mmoja wakifupisha hatua, safu nzima hugeukia upande wao. Hivyo wimbi nalo huinama kuelekea ardhini na kuufuata mviringo wa dunia kwa kiasi. Nuru pia hupinda, ila kwa kiasi kidogo kuliko redio, kwa sababu mvuke hauigusi kama unavyoigusa redio.

Kuchora mstari uliopinda juu ya dunia iliyopinda ni kazi ya kuchosha. Mwaka 1933 wahandisi watatu wa maabara za Bell huko Marekani, Schelleng, Burrows na Ferrell, walitoa njia rahisi: chora wimbi kama mstari ulionyooka, halafu ikuze dunia badala yake. Nusu kipenyo halisi cha dunia ni kilomita 6371. Ukikizidisha kwa 4/3 unapata kama kilomita 8495, na hicho ndicho huitwa nusu kipenyo fanisi. Kile kizidisho huandikwa `k`. Ukitumia kanuni ya pembetatu mraba kwenye dunia hiyo iliyokuzwa, unapata fomula ambayo kila fundi wa minara huijua:

```
d = 4.12 × (√h1 + √h2)
```

Urefu wa antena ni kwa mita, umbali ni kwa kilomita. Kwa antena zetu, kipeuo cha pili cha 100 ni 10, na cha 60 ni 7.75. Jumla ni 17.75, na ukizidisha kwa 4.12 unapata kilomita 73.1. Kama hewa isingepinda wimbi hata kidogo, kizidisho kingekuwa 3.57 na tungeishia kilomita 63. Zile kilomita 10 za ziada ni zawadi ya angahewa, na kama tutakavyoona, ni zawadi inayoweza kunyang'anywa.

Dhana: Jumlisha urefu wa minara kwanza, kisha tafuta kipeuo

Kosa hili hujitokeza sana kwa anayejifunza. Ukijumlisha 100 na 60 ukapata 160, kisha ukatafuta kipeuo, fomula inakupa kilomita 52 tu. Umepoteza kilomita 21 kwenye karatasi. Kila antena ina upeo wake: ya mita 100 inafika kilomita 41.2, ya mita 60 inafika 31.9, na pande hizo mbili hukutana juu ya maji. Kinachojumlishwa ni upeo na upeo.

Kipeuo hicho hicho ndicho kinachovunja matumaini ya wanaodhani kwamba mnara mrefu mara mbili hufika mbali mara mbili. Ukiirefusha minara yote miwili maradufu, umbali unaongezeka kwa asilimia 41 tu. Ukitaka umbali maradufu, lazima urefu uwe mara nne. Na kuna jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha: ukiwa na mita 20 za chuma cha kuongeza, zipeleke kwenye mnara mfupi. Kwetu, kupandisha antena ya Zanzibar kutoka 60 hadi 80 kunaleta karibu kilomita 5, ilhali kupandisha ya Dar kutoka 100 hadi 120 hakufikishi 4.

Urefu unaoingia kwenye fomula, kumbuka, ni wa antena ilipofungwa, kupimwa kutoka usawa wa maji. Mnara wa mita 30 uliosimama juu ya kilima cha mita 70 ni mita 100. Na maji yenyewe hayatulii. Kwenye Mlango wa Zanzibar tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvu hukaribia mita 4, kwa hiyo mwenye busara hupima kutoka maji yaliyojaa.

Dhana: Fomula ikisema unafika, kazi imekwisha

Tumepata 73.1 na tunahitaji 73. Hapa ndipo pesa hupotea. Fomula imetuambia kwamba mstari kati ya antena mbili unayagusa maji bila kuzama. Tuhakikishe kwa fomula ya mbinuko wa dunia, ambapo `d1` na `d2` ni umbali kutoka sehemu unayoipima hadi kila mnara:

```
b = d1 × d2 / (12.74 × k)
```

Pale mstari unapogusa, kilomita 41.2 kutoka Dar na 31.9 kutoka Zanzibar, `k` ikiwa 4/3, mbinuko ni mita 77. Mstari wetu, ukishuka kutoka mita 100 kuelekea 60, uko mita 77 pale pale. Nafasi iliyobaki ni sifuri.

Lakini wimbi si uzi. Nguvu yake husafiri ndani ya umbo nene katikati na jembamba mwishoni, linaloitwa ukanda wa Fresnel, na angalau asilimia 60 ya nusu upana wake inatakiwa ipite bila kuguswa. Kwenye gigahezi 7, asilimia hiyo pale katikati ni kama mita 17. Kwenye redio za megahezi 150 ni kama mita 114, ndiyo maana redio za mkononi hupoteza nguvu nyingi hata kabla ya kufika upeo.

Mstari ukigusa ukingo mwembamba wa mlima, unapoteza kama desibeli 6. Ukigusa mgongo laini na mpana wa bahari, hasara inaweza kufika desibeli 20. Na hapa ndipo wazo la kuongeza wati linapokwama: desibeli 20 ni mara 100, kwa hiyo redio ya wati 1 ingehitaji wati 100 kurudi palepale ilipokuwa. Tiba ni urefu. Tukipandisha antena zote mbili kwa mita 17, kuwa 117 na 77, ukanda unapita.

Dalili ya kosa hili si ngumu kuitambua. Kiungo cha redio kati ya minara kinawaka, data inapita, ila kiwango cha mawimbi yanayopokelewa kiko chini ya kile cha mahesabu kwa desibeli nyingi, asubuhi na mchana, siku za kawaida zote. Mafundi wanazungusha antena kutafuta mwelekeo bora na hawaupati, kwa sababu mwelekeo haukuwa tatizo.

Dhana: 4/3 ni namba ya kudumu

Hii ndiyo ninayoiona ya hatari zaidi, kwa sababu namba imo kwenye kila kitabu na kila programu, tayari imejazwa. Ile 4/3 ni hali ya kawaida ya hewa iliyochanganyika vizuri, katika nchi za hali ya hewa ya wastani. Hewa ikibadilika, `k` inabadilika nayo. Mvuke na joto vikijipanga kwa namna ambayo hewa ya juu inapinda wimbi kidogo tu, au inalipinda kuelekea juu, `k` hushuka hadi 1 au chini yake. Dunia, kwa wimbi hilo, inavimba.

Rudia hesabu ya pale pale kwa `k` sawa na 1. Mbinuko haupo tena mita 77, umekuwa 103. Antena tulizozipandisha hadi 117 na 77 zina mstari unaopita mita 94 au 95, yaani umezama karibu mita 9 majini. Kwa `k` ya 2/3, ambayo wahandisi huitumia kama kipimo cha hali mbaya, mbinuko unafika mita 155. Hakuna kilichoguswa kwenye minara, hakuna bolti iliyolegea, na kiungo kimekatika.

Upande wa pili pia upo. Hewa kavu yenye joto ikilala juu ya bahari yenye unyevu, wimbi linaweza kunaswa kwenye tabaka la chini na kusafiri mamia ya kilomita. Wakazi wa Muscat na Ghuba wanalijua hili, kwani huko hutokea sana miezi ya joto, na vituo vya FM vya ng'ambo hujitokeza ghafla kwenye redio. Anayepima kiungo chake siku kama hiyo atafurahia kipimo kisichodumu.

Tofautisha dalili hizi na zile za mwanzo: hitilafu ya `k` huja na kuondoka. Angalia rekodi ya kiwango cha mawimbi kwa wiki kadhaa. Mashimo, yaani vipindi ambapo kiwango kinashuka sana, yakijitokeza usiku wa manane na alfajiri, upepo ukiwa umetulia na mvua haipo, kisha yakafutika jua likipanda na hewa ikachanganyika, shuku angahewa kabla ya kumpandisha mtu mnarani. Juu ya maji ongeza shaka nyingine: wimbi linaloakisiwa na bahari hukutana na lile la moja kwa moja na kulifuta, na hapo mashimo yatafuata saa za maji kujaa na kupwa.

Dhana: Suluhisho ni mnara mrefu zaidi tu

Ili njia yetu ya kilomita 73 ipite hata `k` ikiwa 1, ukanda wa Fresnel ukiwemo, antena zingetakiwa kuwa mita 143 na 103. Kwa 2/3 ingebidi uongeze mita nyingine 50 na ushei kila upande. Ni chuma kingi na msingi mzito.

Tazama tena fomula ya mbinuko: umbali unazidishwa kwa umbali, kwa hiyo njia ikipungua nusu, mbinuko unapungua mara nne. Ukivukia bahari kutoka Bagamoyo, hadi Mji Mkongwe ni kama kilomita 44. Mbinuko wa katikati kwa `k` ya 2/3 ni mita 57 au 58, na ukanda wa Fresnel kwenye gigahezi 7 unadai mita 13. Antena mbili za mita 71 juu ya maji ya bamvu zinatosha hata kwa hali hiyo mbaya. Sehemu iliyobaki, kutoka Bagamoyo hadi Dar, ni nchi kavu, na huko unaweza kusimamisha mnara mwingine wa kati popote barabara inapofika.